Soma, Utaelewa

Hotuba kwa maofisa wapya wa miradi ya maji vijijini, Dodoma

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi kuhusu kumbukumbu za mradi, na katika uwanja huo mpana nimechagua jambo moja ambalo kila mmoja wenu atakutana nalo mapema. Mtu mpya ameingia kazini. Anatakiwa kushika mradi ambao umeshakwenda miezi kadhaa, na habari zake zote zimo ndani ya mlolongo wa barua pepe sitini na kitu. Nani atamwambia yapi yameshaamuliwa na yapi bado yanasubiri jibu?

Mwaka 2022 aliyetakiwa kumwambia mtu huyo nilikuwa mimi, na sikumwambia.

Ulikuwa mradi wa kijiji chenye watu wapatao 2,400. Kisima kilishachimbwa. Yalibaki tangi, pampu, mabomba na vituo vya kuchotea. Tulikuwa watu tisa tukiandikiana tangu tarehe 4 Machi: meneja, mhandisi, mhasibu, afisa wa mfadhili aliyekuwa nje ya nchi, mzabuni wa pampu, mkandarasi, ofisa maji wa wilaya, katibu wa jumuiya ya watumia maji, na mimi mratibu. Mwisho wa Mei mhandisi akapata kazi kwingine, akaaga. Tarehe 3 Juni akaja mhandisi mpya, dada mmoja kijana na makini sana. Siku ile ile nikamfowadia mlolongo mzima, na juu yake nikaandika: "Soma, utaelewa."

Alisoma siku mbili. Tarehe 8 akampigia mkandarasi simu aanze msingi wa tangi pale shuleni, kama alivyosoma. Mkandarasi akachimba, akamwaga zege, mifuko 14 ya saruji ikaenda. Siku ya tatu ofisa maji wa wilaya akapita, akauliza kwa nini tangi linajengwa shuleni wakati lilishahamishiwa kilimani. Yule dada alisimama kando ya shimo, simu mkononi, akiitafuta barua inayosema hivyo. Hakuipata, kwa sababu sikuwa nimempa.

Barua hiyo ilikuwepo. Tarehe 13 Mei mhandisi wa zamani alipata matokeo ya upimaji wa ardhi, akakuta kwamba shule iko chini kuliko vituo viwili vya maji, na maji hayatapanda yenyewe kutoka kwenye tangi. Akataka kuandika haraka. Akafungua barua iliyokuwa juu kabisa kwenye kikasha chake, yenye kichwa "Re: Ankara ya usafiri", akajibu hapo hapo. Aya mbili za kwanza zilihusu ankara. Ya tatu ilihamisha tangi. Meneja akajibu kwa mstari mmoja: "Naafiki mahali papya, mkandarasi apewe mchoro." Mkandarasi hakuwamo kwenye nakala. Nami nilipofowadia mazungumzo ya tangi, hizo mbili hazikwenda, maana hazikuwa kwenye mazungumzo ya tangi.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote la muhtasari, kusanya mlolongo wote, na usiiamini programu ikuonyeshe wote. Gmail kwa mfano hukata mazungumzo kichwa cha barua kinapobadilika, na huyakata tena yakizidi barua 100. Mtu akianza upya na kichwa chake, au akijibu barua ya zamani kwa jambo jipya, tawi linaota pembeni bila wewe kulijua. Namna ya kuyapata matawi ni kutafuta kwa majina ya watu na kwa vitu vyenyewe. Andika "tangi", andika "kilima", andika "pampu", angalia kipindi chote tangu barua ya kwanza. Kisha muulize kila mhusika mkuu: kuna jambo mlilokubaliana nje ya hapa, kwa simu au kwa kundi la WhatsApp? Mimi nilipofanya hivyo, nikiwa nimechelewa, zile barua 58 nilizozijua zikawa 63.

Ukishazipata zote, zipe namba kuanzia ya zamani zaidi. Soma maneno mapya tu ya kila barua, yale yaliyonukuliwa chini yake uyaache, isipokuwa mtu anapojibu katikati ya maneno ya mwenzake, tabia waliyo nayo wahasibu wengi. Hapo majibu yake hujificha ndani ya nukuu, na usipoangalia rangi au alama pembeni unaweza kupita bila kuyaona. Kwa kila barua andika mstari mmoja: namba, tarehe, nani, na barua hiyo imefanya nini. Imeuliza? Imejibu? Imependekeza? Imekubali? Imebadilisha lililokubaliwa? Nyingi zitakuwa hazijafanya chochote zaidi ya kusalimu na kushukuru. Katika zile 63, zilizobeba mzigo zilikuwa 17. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha nilichomfanyia dada yule nilipomwambia asome.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe, nami nitakaa hapa muda mrefu kuliko pengine. Ugumu ni kutambua uamuzi.

Ninyi mmezoea muhtasari wa kikao. Kwenye kikao kuna mwenyekiti, jambo hujadiliwa, halafu mwenyekiti husema "basi tumeazimia", na katibu huandika azimio. Kikao kinachofuata huanza na yatokanayo. Barua pepe hazina mwenyekiti. Hakuna anayegonga meza. Mtu anapendekeza, wawili wanajibu, wa tatu anauliza jambo jingine, wiki inapita, na watu wanaanza kutenda kana kwamba kuna azimio. Mwandishi wa muhtasari ndiye anayerudi nyuma kutafuta kama azimio lilikuwepo kweli.

Na lugha yetu yenyewe inatutega. Chukueni neno "sawa". Barua ya 9, tarehe 14 Machi, meneja alimjibu mhandisi aliyependekeza tangi la lita 50,000 shuleni: "Sawa, endelea." Hiyo "sawa" ni uamuzi, kwa sababu imefuatwa na agizo na imetoka kwa mwenye mamlaka. Lakini barua ya 19 mzabuni aliombwa apunguze bei naye akaandika, "Sawa, nimekuelewa." Huyo hakukubali kupunguza chochote. Amesema ameelewa ombi. Katika mazungumzo ya ana kwa ana ungemtazama usoni ukajua, ila kwenye barua hakuna uso. "Hakuna shida", "tutaliangalia", "tupo pamoja", "nimepokea kwa shukrani": maneno hayo yote ni ya heshima, yanadumisha uhusiano mwema, na hayana ndiyo ndani yake. Ukiyahesabu kuwa ni kukubali, umemwekea mtu maneno mdomoni.

Mimi najiuliza mambo matatu kwa kila linalofanana na uamuzi. Je, barua inasema kitu gani kitafanyika, kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kukifanya? Je, aliyesema ana mamlaka juu ya jambo hilo? Je, kuna barua ya baadaye iliyoligusa tena? Swali la katikati ndilo linalosahaulika. Katika mradi wetu mahali pa tangi na ukubwa wake vilikuwa mikononi mwa meneja. Fedha za vifaa zilikuwa za mfadhili. Bei ya maji na gharama za uendeshaji zilikuwa za jumuiya, kupitia mkutano wake. Mhandisi angeweza kuandika barua kumi nzuri kuhusu pampu, zote zikabaki mapendekezo.

Nitawapa mfano wa pampu, maana unaonyesha jinsi uamuzi unavyojengeka kwa vipande. Tarehe 8 Aprili, barua ya 22, mhandisi alileta majibu ya upimaji wa kisima: kinaweza kutoa mita za ujazo 6 kwa saa, yaani lita 6,000. Sera ya maji ya nchi yetu wakati huo, ile ya mwaka 2002, ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu 2,400 walihitaji lita 60,000. Yeye alihesabu saa sita za jua zuri, zinazotoa lita 36,000. Zinabaki lita 24,000, ambazo ni saa nne za kusukuma. Akapendekeza pampu ya sola yenye jenereta ya kusaidia. Likafuata zogo la barua nane, mmoja akitaka dizeli peke yake, mwingine akitaka tusubiri. Tarehe 29 Aprili, barua ya 31, afisa wa mfadhili akaandika kwamba wanakubali kulipia pampu ya sola pamoja na jenereta, mradi mafuta yalipwe na jumuiya. Hapo ndipo uamuzi ulipo. Na angalieni, umekuja na sharti. Muhtasari unaosema "mfadhili amekubali jenereta" bila kutaja sharti lake utamwingiza mtu mpya shimoni, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Kuhusu sababu za uamuzi, ziandikwe, lakini kwa sentensi moja. Mtu mpya akiona "tangi kilimani" bila sababu, atauliza tena, au ataona kwamba shuleni ni karibu na barabara na kuna nafuu ya usafiri, aanzishe mjadala uliokwisha. Akiona "kwa sababu shule iko chini kuliko vituo viwili", atanyamaza aendelee na kazi. Hali kadhalika yataje yaliyokataliwa. Sisi tulikuwa na moja tu, dizeli peke yake, na mstari mmoja ulitosha.

Maswali yaliyo wazi yana taabu yake. Swali linaweza kuulizwa na lisijibiwe, na hakuna anayeona, kwa sababu barua inayofuata imejibu swali jingine lililokuwa kwenye barua ile ile. Ukimwuliza mtu mambo matatu katika barua moja, mara nyingi atajibu lile rahisi. Dawa yake ni ule mstari mmoja wa kila barua: weka alama kwenye kila swali, kisha lifuate mbele mpaka ukute jibu lake au ufike mwisho wa mlolongo mikono mitupu. Yale yaliyofika mwisho bila jibu ndiyo maswali yako. Na swali lililo wazi lisiandikwe kama kichwa cha habari. "Suala la bomba" halimsaidii mtu. Andika swali lenyewe kwa alama ya kuuliza, nani anatakiwa kujibu, ameulizwa lini, na kazi gani imesimama kwa kukosa jibu hilo.

Sasa niwasomee ukurasa nilioandika tarehe 21 Juni, nimeufupisha kidogo:

"Mradi wa maji wa kijiji: hali ilivyo hadi tarehe 21 Juni 2022, barua ya 63.

Tulipo. Kisima kimechimbwa na kupimwa. Msingi wa tangi shuleni umesimamishwa. Pampu haijaagizwa.

Yaliyoamuliwa.
1. Tangi ni la lita 50,000. Meneja, 14 Machi (barua ya 9).
2. Tangi linajengwa kilimani, kwa sababu shule iko chini kuliko vituo viwili vya maji. Meneja, 13 Mei (barua ya 42). Hili linafuta maneno 'pale shuleni' yaliyokubaliwa katika barua ya 9.
3. Pampu ni ya sola, na jenereta ya kusaidia, kwa sababu jua peke yake halitoshi mahitaji ya siku. Mfadhili, 29 Aprili (barua ya 31). Dizeli peke yake imekataliwa.
4. Mafuta ya jenereta yanalipwa na jumuiya. Mfadhili na jumuiya (barua ya 31 na ya 33).

Yanayosubiri jibu.
1. Nani analipia mita 380 za bomba la ziada hadi kilimani? Mfadhili aliulizwa 16 Mei (barua ya 44), hajajibu. Bomba haliwezi kuagizwa.
2. Je, bei ya pampu kwenye ankara ya awali imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18? Mhasibu amwulize mzabuni. Bei hiyo inaisha tarehe 30 Juni."

Ndiyo hivyo tu. Ukurasa haukujaa. Angalieni kwamba haufuati mpangilio wa siku. Mtu anayeandika muhtasari kwa mara ya kwanza hupenda kusimulia: kwanza mhandisi akasema, kisha meneja akajibu. Masimulizi hayo humrudisha msomaji kwenye mlolongo uliokuwa unamwokoa nao. Yeye anataka kujua leo asubuhi aamke afanye nini, na asifanye nini. Zile namba za barua kwenye mabano zimewekwa kwa ajili ya mwenye shaka, aende moja kwa moja kwenye barua ya 42 akaone kwa macho yake.

Tarehe iliyo juu kabisa ina kazi yake pia. Ukurasa huu unaanza kuzeeka siku barua ya 64 inapoingia, na msomaji lazima aone unaishia wapi.

Neno dogo kuhusu saa. Katika mlolongo ule mhandisi alimwandikia afisa wa mfadhili, kwa Kiingereza, kwamba watazungumza kwa simu saa nne, akimaanisha saa nne ya asubuhi kwa hesabu yetu. Yule akasubiri saa kumi ya jioni. Ukihamisha miadi kutoka kwenye barua kwenda kwenye muhtasari, andika "saa 4 asubuhi (10:00)". Na mwezi uandikwe kwa jina, maana 05/06 kwetu ni tarehe 5 Juni, na kwa Mmarekani ni Mei 6.

Kuna pia ya kuacha nje. Kwenye mlolongo wetu kulikuwa na maneno makali kuhusu mkandarasi, na kulikuwa na bei za wazabuni wawili walioshindwa. Nilipofowadia vyote, nilimpa dada yule ugomvi ambao hakuuanzisha, pamoja na siri za watu. Kama kuna jambo la uhusiano analolazimika kulijua, mwambie kwa mdomo.

Halafu, ndugu zangu, usimpe mtu mpya ukurasa huo kabla hujawapelekea waliomo. Watumie kwanza wale ambao majina au vyeo vyao umevitaja, ndani ya mlolongo ule ule, na uwaombe jambo mahususi: "Nimeandika kwamba uliamua hivi. Ni kweli?" Usiandike "asiyejibu ndani ya siku mbili nitahesabu amekubali." Kwa kufanya hivyo unatengeneza uamuzi kutokana na ukimya, na ukimya wa mtu wa kijijini asiye na mtandao wiki nzima una maana nyingine kabisa. Asiyejibu mpigie simu.

Mimi nilituma tarehe 21 jioni. Meneja akathibitisha yake usiku ule. Mhasibu akajibu asubuhi kwamba bei ya pampu haikujumlisha kodi, na swali la pili likafungwa. Katibu wa jumuiya hakujibu, na nikaona hakuna neno, maana yake ilikuwa moja tu, ile namba 4, na barua yake ya 33 nilikuwa nayo mbele yangu: "Tumepokea barua yenu, tunashukuru sana kwa moyo wenu." Hata hivyo nikapiga simu. Simu akaipokea mwenyekiti, mzee wa makamo. Nikamsomea mstari ule.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo la mafuta sisi hatujakubali. Katibu alishukuru tu, angeachaje kushukuru? Mkutano haujakaa."

Nilikuwa nimeisoma barua ile mara tatu, nikiwa na maswali yangu matatu mkononi, na bado shukrani niliihesabu kuwa ni ndiyo, kwa sababu nilitamani iwe ndiyo. Nikaifuta namba 4 juu, nikaiandika chini:

"Nani analipa mafuta ya jenereta? Mfadhili ameweka sharti kwamba jumuiya ilipe (barua ya 31). Mkutano wa jumuiya haujakaa. Mwenyekiti anauitisha Jumapili, 26 Juni. Pampu haiagizwi kabla ya hapo."

Mkutano ulikaa Jumapili hiyo chini ya mwembe wa shule, na wakakubali kulipa, kwa sharti kwamba jenereta iwashwe siku za mawingu na siku maji yanapopungua vituoni, si kila siku. Sharti hilo lisingeonekana popote kama mstari ungebaki ulipokuwa. Mfadhili alipolipata alijibu siku ya pili, na katika barua hiyo hiyo akajibu na la bomba.

Toleo la pili la ukurasa ule sikuliandika mimi. Liliandikwa na yule dada, tarehe 28, na mstari wake wa kwanza ulisema: hali ilivyo hadi tarehe 28 Juni, barua ya 71.